Nilitafuta tembo la mnazi, nikaletewa ndovu: uzoefu wangu na Carrot2

Nyota nne kati ya tano, na ile moja iliyopungua naifafanua huko chini.

Nilikuwa naandika habari za wagema wa Tanga. Nikiandika "tembo" tu kwenye kitafutio, kurasa zote za mwanzo zinakuwa za mnyama: hifadhi, ujangili, tembo waliovamia mashamba. Katikati zinapenya hoteli ya Mji Mkongwe, Zanzibar, na habari za nikeli ya Kabanga, kwa kuwa kampuni ya mradi ule nayo inaitwa Tembo. Kinywaji nilichokuwa nakitaka kimetawanyika huku chini, kimoja hapa, kingine kule.

Nikaamua kuijaribu Carrot2, programu huria ya kupanga matokeo ya utafutaji katika makundi, yenye asili yake Poznań, Poland. Haitafuti kitu yenyewe. Unaipa matokeo uliyokwisha kuyapata, kichwa na dondoo fupi ya kila ukurasa, nayo inayapanga. Nilikusanya matokeo 120 kwenye faili, nikaiwasha kwenye kompyuta yangu (inahitaji Java), nikafungua `localhost:8080` kwenye kivinjari.

Ina algoriti tatu. Niliyoipenda ni `Lingo`, kwa sababu inaanza na majina: inatafuta kwanza virai vinavyojirudia kwenye dondoo, inachagua vile vinavyobeba mada tofauti, kisha ndipo inaweka kurasa chini ya kila kimoja. Kwa hiyo jina la kundi ni maneno ambayo watu wameyaandika kweli, na ukurasa mmoja unaweza kukaa makundi mawili. Ile ya `k-means` inaanza na kundi halafu inalitafutia jina, nikaishia na rundo la maneno matatu yasiyoshikana.

Mara ya kwanza ilikuwa vurugu. Kiswahili sikukiona kwenye orodha ya lugha, nikachagua Kiingereza, na makundi yakaja yanaitwa "Kwa Ajili ya" na "Tembo Katika". Haishangazi: haijui kwamba "kwa" na "katika" ni maneno ya kupuuzwa. Niliandika orodha yangu ya maneno kama arobaini hivi (na, ya, wa, la, kwa, ni, hii, pia...) nikaiongeza kwenye maneno ya kupuuzwa. Halafu kwenye `queryHint` nikaweka "tembo", ili neno lenyewe peke yake lisiwe kundi la kumeza kila kitu.

Hapo picha ikabadilika. Pembeni nikaona "Hifadhi ya Taifa", "Mji Mkongwe", "Mradi wa Nikeli", "Tembo la Mnazi", na moja lililonichekesha: "Mgema Akisifiwa". Kumbe kurasa kadhaa zilikuwa makala za siasa zinazotumia ile methali ya mgema anayelitia tembo maji. Peke yangu nisingefikiria kuzitenga na kurasa za kinywaji chenyewe.

Ila ndani ya "Tembo la Mnazi" nikamkuta ndovu. Habari ilisema tembo aliangusha mnazi shambani kwa mtu. Hapa ndipo pa kuwa macho. Kwa kawaida `Lingo` inaweka ukurasa kwenye kundi kama una maneno ya jina, bila kujali mpangilio, na vile vidogo vya kupuuzwa havihesabiwi. Nilikuwa nimeweka "la" na "wa" kwenye orodha ya kupuuzwa, wakati kwa Kiswahili hivyo ndivyo vinavyotofautisha: tembo *wa* porini, tembo *la* mnazi. Niliwasha `exactPhraseAssignment`, inayodai kirai kionekane kama kilivyo, na ndovu akatoka. Pamoja naye zikatoka kurasa mbili halali zilizoandika "tembo kali la mnazi". Nilikubali hasara hiyo.

Sasa ile nyota iliyopungua. Kurasa 31 ziliangukia `Other Topics`, yaani fungu la zilizokosa kundi, na nilipozipitia nikakuta humo habari nzuri za ugemaji. Moja imeandika "hugemwa", nyingine "kugema", nyingine "wagemaji". Kwa programu hayo ni maneno matatu yasiyojuana, hakuna hata moja lililojirudia vya kutosha kuzaa kundi. Kwa Kiingereza ingekata viambishi ikaona shina moja. Kwa Kiswahili, ambacho viambishi vyake vinatangulia na kufuata, hakuna anayeikatia.

Na kurasa zilizoandika "pombe ya mnazi" bila neno tembo hazikuwemo kwenye 120 zangu tangu mwanzo. Hizo nilizitafuta upya, mwenyewe. Sasa nikifungua matokeo, `Other Topics` ndilo kundi ninaloanza nalo kulisoma.