Septiki yangu "isiyojaa" ya Mabogini, na fundi aliyeirekebisha

Miaka miwili nilikuwa nikimsifia fundi wangu wa kwanza. Kila nikifunua septiki wakati wa kiangazi, nakuta maji yako chini kabisa ya bomba la kutokea. Nikajua nimepata kitu. Chini hakumwaga zege, alipanga mawe tu, akaniambia: "Bosi, maji yatajinywea yenyewe, gari la majitaka utalisahau." Ukutani alipiga plasta koti moja, jembamba.

Masika yakaja. Huku Mabogini, chini ya Moshi mjini, maji ya ardhini yako juu, wenye mpunga wanajua. Choo kikagoma kushuka. Gari likanyonya asubuhi, jioni nikakuta tangi limejaa tena, na sisi hatukuwa tumetumia hata ndoo tano. Kumbe tundu linalotoa maji kiangazi ndilo linaloyaingiza masika. Yale maji yakasukuma uchafu kabla haujatuama, ukaenda kuziba shimo la kunyonya kwa tope jeusi. Na hicho kiangazi nilichokuwa najisifia, uchafu mbichi ulikuwa unazama ardhini, na jirani ana kisima.

Fundi wa pili alicheka. Septiki nzima, akasema, hukaa imejaa hadi usawa wa bomba la kutokea siku zote. Yanayoingia yanasukuma kiasi hicho hicho kutoka. Kunywesha ardhi ni kazi ya shimo la kunyonya, siyo ya tangi. Ukikuta maji yako chini ya bomba na gari halijapita karibuni, tangi linavuja.

Alikataa kufanya kazi hadi Septemba, maji ya ardhini yashuke, maana yakisukuma kutoka nje plasta mbichi haishiki. Tangi likanyonywa, likaoshwa, wakapuliza hewa kwa feni kabla ya mtu kushuka na kamba kiunoni, wawili wakibaki juu. Akamwaga zege la sentimita 15 lenye nondo, akaviringa kona ya sakafu na ukuta kwa udongo wa saruji (hapo ndipo panapovuja zaidi), akapiga plasta mbili za moja kwa tatu zenye dawa ya kuzuia maji, na niru juu. Akazimwagia maji wiki nzima.

Kisha jaribio, ambalo wa kwanza hakulitaja kabisa. Tulijaza maji safi hadi bomba la kutokea, tukayaacha siku moja kuta zinywe, tukaongeza, nikachora alama ya mkaa. Kesho yake yalikuwa yameshuka sentimita 5. Tangi langu ni mita 2 kwa 1.2, kwa hiyo hizo ni lita 120 kwa siku. Akatafuta, akakuta pembeni mwa bomba la kutokea hapajazibwa vizuri. Akaziba, tukajaza upya, na safari hii alama haikusogea.

Shimo la kunyonya ilibidi lichimbwe jipya. Nampa nyota nne. Ya tano nimemnyima kwa sababu mfuniko aliusahaulia vishikio, sasa kuuinua ni watu watatu na mtaimbo.