Sekiro: Gemu Inayoadhibu Bila Kuonea

Karibuni tena, watazamaji wangu. Wengi mmekuwa mkiniomba gemu ngumu ya mapigano, ambayo haimwui mchezaji kwa hila wala kumlazimisha akatafute maelezo nje yake, na jibu langu bado ni Sekiro: Shadows Die Twice, iliyotengenezwa na FromSoftware na kutolewa mwaka 2019. Picha na hadithi yake mnazifahamu, kwa hiyo naziacha.

Tazameni mstari wa uthabiti wa bosi Genichiro, ulio juu ya skrini katikati. Kila ninapobonyeza L1 upanga wake unapokaribia kunigusa, mstari huo unajaa, na ukijaa kabisa anapoteza mizani, nami naimaliza awamu hiyo ya pambano kwa pigo moja hata kama uhai wake haujaisha. Nikishikilia kitufe muda wote, najikinga, lakini uthabiti wangu ndio unaojaa. Nikikibonyeza ovyo mfululizo, muda wa kukinga barabara unazidi kuwa mfupi.

Sasa anaruka na kunishukia kwa upanga. Nakinga, na hapo hapo inatokea alama nyekundu ya Kijapani, ambayo haisemi ni shambulio gani linalofuata, bali inaonya tu kwamba kinga ya kawaida haitatosha. Itazameni mikono yake: upanga ukirudi nyuma na ncha ikanielekea, anachoma, nami nabonyeza kitufe cha kukwepa bila kurudi nyuma, ili niukanyage upanga wake kwa mbinu ya Mikiri, ambayo lazima uwe umeinunua kwa pointi za ujuzi. Akiinama, anafyeka miguu, basi naruka na kumkanyaga kichwani. Ukifa hapa, unajua ulikosea wapi, na hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Jambo jingine ni kwamba uhai wa adui ukipungua, uthabiti wake hurejea polepole zaidi, kwa hiyo mchezaji anayengoja kukinga tu, bila kumjeruhi kwanza, anajichosha bure. Kabla ya kupanda kwa Genichiro, nendeni kwa Hanbei hekaluni, mtu asiyekufa, mfanye mazoezi naye.

Elden Ring naipenda, na video yake ya mabosi iko njiani, lakini kule ukishindwa unaweza kwenda kuongeza levo. Hapa huna levo za kupanda, na nguvu nyingi utazipata kwa kuwashinda mabosi wenyewe.

Kasoro zipo. Ukibanwa ukutani kamera inapotea, na kifo cha namna hiyo sikihesabu kuwa cha haki. Nyani Mlinzi naye huinuka baada ya kukatwa kichwa, bila onyo lolote, na mara ya kwanza ni lazima ukasirike.

Kwenye Steam bei yake ya kawaida ni dola 60, na kwa gemu ya 2019 naiona kubwa, kwa hiyo ngojeni punguzo.