Walipima kichwa changu cha kugawia kwa poligoni, wakanipa cheti kizuri, na flenji ikakataa

Niseme mapema kwamba niliandika maoni haya mara ya kwanza nikiwa na hasira nikayafuta. Leo nimeyaandika upya, na hasira bado ipo.

Nina karakana ndogo Kigoma mjini. Kazi yangu kubwa ni ya maboti: shafti za propela, bushi, kaplingi, gia za winchi. Kwenye mashine ya milingi nina kichwa cha kugawia, kifaa cha kugawa duara sehemu sawa, kile mafundi tunachokiita divaidingi, cha uwiano wa 40 kwa 1. Maana yake ukizungusha mpini mara 40, spindo inazunguka mara moja. Ni cha zamani, nilikinunua mtumba, na kuna wakati kilianguka sakafuni tukikihamisha. Tangu kianguke sikuwa na amani nacho. Ndiyo maana niliposikia kuna kampuni ya vipimo kutoka Dar inapita mikoani na otokolimeta na poligoni, nilijikamua nikalipa, nauli ya fundi wao ikiwa juu yangu.

Fundi aliyekuja ni kijana, nadhifu, anajua kazi ya mikono yake. Hilo silikatai. Poligoni ilikuja ndani ya sanduku la mbao: kipande cha chuma chenye nyuso 8 zinazong'aa kama kioo, kila uso umepishana na mwenzake digrii 45. Aliiacha mezani kama saa mbili izoee joto la karakana kabla hajaigusa. Tuliinua spindo ya divaidingi ikatazama juu, akaifunga poligoni juu yake, kisha akaisimamisha otokolimeta pembeni kwenye stendi nzito. Chombo hicho hutuma mwanga kwenye uso wa poligoni, mwanga unarudi, na ukirudi umepinda hata kidogo unasoma upindo huo kwa sekunde za pembe. Digrii moja ina sekunde 3600, kwa hiyo tunazungumzia vitu vidogo sana. Aliniomba nifunge mlango kwa sababu upepo wa ziwani ulikuwa unatikisa taswira. Nikafunga.

Kazi ikaanza. Mpini mizunguko 5, uso wa pili unatokea, anasoma. Mizunguko 5 tena, uso wa tatu. Daima upande uleule, ili mchezo wa meno usiingie kwenye hesabu. Kila alichosoma alikitolea kosa la uso wenyewe, maana poligoni nayo ina cheti chake na hakuna poligoni isiyo na kosa. Aliporudi uso wa kwanza tofauti ilikuwa chini ya sekunde 1, kwa hiyo hakuna kilichosogea. Kisha aliifungua poligoni, akaisogeza uso mmoja mbele, akarudia yote, ili ajue kosa lipi ni la poligoni na lipi ni la kichwa. Kwa haki ya Mungu, hapo alifanya vizuri.

Lakini mimi ndiye niliyekuwa nazungusha mpini. Nikawa nahisi kitu mkononi. Kila mara pini inaingia tundu lilelile, mpini unasimama palepale, juu kabisa, kama saa sita. Arobaini gawa kwa nane ni tano kamili. Nikamwambia, "Kaka, mbona womu inasimama sehemu ileile kila mara? Hii si tunapima gurudumu peke yake?" Womu ni ile parafujo inayoendesha gurudumu la meno 40. Kama ina kasoro inayojirudia kila mzunguko, sisi tunaitazama ikiwa mahali pamoja tu, na kosa la pale linakuwa sawa kwa nyuso zote 8. Ukilinganisha nyuso, linajifuta lenyewe.

Hakunitazama hata. Alisema, "Dada, wewe zungusha mpini, hesabu niachie mimi." Vijana wangu wawili walikuwepo, na mteja mmoja. Mmoja wa vijana alicheka. Nilizungusha mpini.

Cheti kikaja. Kosa la mgawanyo, sekunde 5 juu au chini. Chini yake imeandikwa kinafaa kwa mgawanyo wa jumla. Nikakitundika ukutani, nikajiambia labda kijana alikuwa sahihi na mimi nina kiburi cha fundi wa mtaani.

Haikupita muda mrefu, mwenye boti mmoja wa Kibirizi akaniletea kazi ya nusu ya kaplingi. Flenji yenye matundu 12, duara la matundu likiwa na nusu kipenyo cha milimita 90, boliti za kukaza bila nafasi, matundu yapitishwe rima. Nusu ya pili ya kaplingi ilikuwa ya kiwandani, imebaki kwenye injini. Nilitoboa kwa utulivu wote. Kwa matundu 12 mpini unakwenda mizunguko 3 na theluthi moja, nikatumia duara la matundu 39 kwenye sahani ya mpini, hatua 13 kwa kila theluthi.

Tulipokwenda kufunga, boliti ya kwanza iliingia kwa kidole. Ya pili ikakataa. Ya tatu ikakataa. Ya nne ikaingia kwa kidole. Nikazijaribu zote moja moja nikiandika kwa chaki: 1, 4, 7 na 10 zinaingia. Nyingine zote zinabana, na alama za msuguano zinaonyesha 2, 5, 8 na 11 zimekwenda mbele, 3, 6, 9 na 12 zimebaki nyuma. Mwenye boti alikuwa amesimama hapo, siku ya safari imempita, mimi natokwa jasho. Lakini nilipoona mpangilio ule nilijua. Ukienda mizunguko 3 na theluthi, kila tundu la tatu linairudisha womu mahali ilipoanzia. Kosa linalojirudia kila matundu matatu haliwezi kuwa la gurudumu. Ni la womu.

Hata hivyo nilitaka kuwa na hakika, kwa sababu huenda ni sahani ya matundu. Nikatoboa kwenye bamba chakavu nikitumia duara la 27, kisha la 33. Picha ikawa ileile. Basi sahani ikatoka hatiani. Nikachukua saa ya kupimia, nikaiegemeza kwenye ncha ya shafti ya womu, nikazungusha mpini taratibu. Mshale ukapanda, ukashuka, ukarudi ulipoanzia kwa mzunguko mmoja. Milimita 0.03. Womu inakwenda mbele na kurudi kila inapozunguka. Gurudumu langu lina nusu kipenyo cha karibu milimita 50, na 0.03 juu ya 50 ni sekunde kama 124. Yaani 62 kila upande, kwenye kichwa ambacho cheti kinasema 5.

Sasa hesabu inakaa. Theluthi ya mzunguko wa womu ilinipeleka mbele sekunde 54, theluthi mbili zikanirudisha nyuma 54. Kwenye nusu kipenyo cha milimita 90, hiyo ni milimita 0.023 mbele na 0.023 nyuma. Kwa flenji ya boliti legevu usingejua kamwe. Kwa boliti za kukaza, ni nyundo. Na flenji za matundu 8 ninazotengeneza siku zote hazikuwahi kunisumbua, kwa sababu zinakanyaga palepale poligoni yao ilipokanyaga.

Nilipiga simu. Kijana alipokea, akasema cheti ni cheti, nikitaka kupimiwa tena nilipe tena. Hapo ndipo nilipoandika maoni yale niliyoyafuta.

Siku chache baadaye akanipigia mzee mmoja wa kampuni hiyohiyo. Alianza kwa kunisalimia vizuri, akaniuliza habari za kazi, kisha akasema, "Mama, nisomee namba zako." Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, akasema, "Usiifungue hiyo womu. Nakuja mwenyewe." Na kweli alikuja, kwa gharama yao. Nyota moja niliyotaka kuwapa ikawa nne kichwani mwangu kabla hajashuka garini.

Mzee alileta poligoni ya nyuso 9. Digrii 40 kwa hatua, mpini mizunguko 4 na nne ya tisa, yaani matundu 12 kwenye duara la 27. Kwa hatua hiyo womu haisimami mahali pamoja mara mbili mpaka nyuso zote ziishe. Tulisoma uso kwa uso, na namba zikaruka juu chini ovyo. Nikaogopa. Akaniambia nizipange upya, si kwa mpangilio wa nyuso, bali kwa mahali womu iliposimama. Nilipozipanga, zikatoka kilima kimoja na bonde moja, laini kabisa, karibu sekunde 120 kutoka kilele hadi chini. Saa yangu ya kupimia na otokolimeta yao vilikuwa vinasema neno moja. Nilikaa chini. Sijui kama ilikuwa furaha au uchovu.

Tulifungua pamoja. Ukuta ambao kola ya womu inasukumia ulikuwa na donge la chuma lililokandamizwa, nadhani tangu siku ile ya kuanguka, na uso wa kola yenyewe haukuwa umenyooka. Donge peke yake lisingefanya kitu, wala kola peke yake. Vikikutana, womu inasukumwa kila mzunguko. Nilisawazisha ukuta kwa jiwe la mafuta, nikaikata kola upya. Saa sasa inaonyesha chini ya 0.005. Poligoni ya 9 ikasoma jumla chini ya sekunde 30, na kwa kazi zangu nimeridhika.

Kwa hiyo mkiniuliza niwapendekeze au la, jibu langu linategemea nani atakuja. Mzee akija, muiteni hata kwa kukopa. Kijana akija, gawanyeni wenyewe 40 kwa idadi ya nyuso za poligoni yake kabla hajafungua sanduku. Ikigawanyika kamili, mwambieni arudi na nyingine. Nilikuwa nataka kuishia hapo kwa upole, lakini nikikumbuka kicheko kile mbele ya vijana wangu, nyota nne zinarudi kuwa mbili. Aliyekosea hakuwa hajui kusoma chombo. Alikuwa hataki kumsikia aliyeshika mpini.

Flenji ya yule mwenye boti niliirudia bure, na chuma kilikuwa changu. Nimewaomba waandike kwenye cheti kile cha kwanza kwamba kichwa kilipimwa kwa hatua za digrii 45 peke yake. Mzee alikubali kwa mdomo. Karatasi bado haijafika.