Klipu ya barazani na klipu ya usiku

Dada, salaam aleikum.

Nimeziweka klipu zako mbili za Shela, ulizopiga kwa simu, bega kwa bega ili nizirekebishe rangi. Ya barazani, saa kumi na moja jioni, inapokea rangi vizuri: darizi za kanzu zinaonekana, hata vivuli vina umbo. Ya ndani usiku, kwa taa moja, imenishinda. Kihisi cha simu ni kidogo. Mwanga ulipopungua simu ilipandisha ISO, yaani usikivu wake kwa mwanga, chenga zikajaa, kisha ikazilainisha pamoja na ngozi ya uso. Nikiongeza mwangaza, giza linageuka kijivu chenye vibonge, na nakshi za mlango hazitokei kwa kuwa hazikurekodiwa. Naweza kuitumia sekunde tatu, ikibaki na giza lake. Ukitaka sura ya sinema, turudie mchana, karibu na dirisha.