Siku tatu na boom imekata: wapi pa kwenda ukitokea Dar, na nauli ndogo inayowamaliza

Tangu wikiendi ya Pasaka napokea malalamiko ya namna moja kutoka kwa wanafunzi wa vyuo vya Dar. Dada, nauli tulipiga hesabu, gesti tulipiga hesabu, chakula tulibeba, mbona hela iliisha siku ya pili asubuhi? Binti mmoja wa mwaka wa pili alinitumia mchanganuo wake wote wa Lushoto, na tatizo nililiona palepale. Nauli ya basi ilikuwa sawa. Kilichommaliza ni bodaboda: kutoka stendi hadi gesti usiku, kutoka gesti hadi Irente asubuhi na kurudi, kisha kwenda stendi tena alfajiri ya kuondoka. Ukijumlisha, bodaboda peke yake ilikaribia nauli ya basi kutoka Dar.

Kwa hiyo sehemu hizi nazipanga kwa kigezo kimoja: ukishashushwa, unafikaje unakokwenda, na kwa shilingi ngapi? Mandhari sitayazungumzia sana, picha mnaziona wenyewe. Watu hulinganisha nauli kubwa kwa sababu imeandikwa kwenye tiketi. Nauli ndogo haijaandikwa popote. Inapangwa papo hapo, usiku, na mtu anayejua kwamba huna njia nyingine. Kwa anayeishi kwa shilingi 10,000 za boom kwa siku, bodaboda moja ya elfu tano ni nusu ya siku.

Ya kwanza: Morogoro, kwa treni

Sifichi, mimi ni mtu wa SGR. Tangu treni ya abiria ilipoanza kwenda Morogoro Juni 2024, kwa safari ya siku tatu sioni sababu ya mwanafunzi wa Dar kuanza kufikiria kwingine. Nauli ya treni ya kawaida ni shilingi 13,000 kwa mtu mzima, na kwa chini ya saa mbili umefika. Basi linaweza kuwa nafuu kwa elfu chache, lakini basi linakupeleka kwanza Mbezi Luis, na ukitoka pale ni foleni ya Kibaha na Chalinze. Treni inaondokea katikati ya jiji. Mtu wa Mlimani anapanda mwendokasi Ubungo, anashuka Posta, anatembea hadi stesheni. Hakuna bodaboda hapo.

Ila stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje ya mji. Hapa ndipo wengi wanapigwa. Wanamaliza kipindi Ijumaa, wanapanda treni ya jioni, wanashuka gizani pamoja na abiria mamia, daladala zimejaa au zimepungua, na bodaboda wanataja bei wanayotaka. Panda treni ya asubuhi. Ukishuka, pita waliojipanga getini bila kusimama, uliza daladala ya mjini, ulipe nauli ya kawaida. Kama ni lazima ufike usiku na mko wanne, chukueni bajaji moja na mkubaliane bei kabla ya kuweka mabegi ndani. Begi likishaingia, huna tena nguvu ya kubishana.

Ukishafika mjini, sasa, ndipo Morogoro inapozishinda zote: mlima unaanzia mwisho wa mtaa. Unafuata barabara ya Boma kwa miguu, unapita Rock Garden, unaendelea kupanda hadi Morningside, kwenye jengo la zamani la Wajerumani. Njiani mnapishana na akina mama wa Kiluguru wanaoshuka na mboga kichwani kupeleka sokoni, na msimu ukiruhusu mtauziwa stroberi zilizochumwa asubuhi hiyo. Ni mwendo wa saa mbili hadi tatu kwa mtu asiye na mazoezi, na nauli yake ni sifuri. Sijui mji mwingine unaofikika kirahisi kutoka Dar ambako unatoka gesti kwa miguu ukaingia mlimani.

Mkitaka kupita Morningside na kwenda juu zaidi, hadi Bondwa kwenye minara ya mawasiliano, mnaingia Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Huko kuna kiingilio na mnatakiwa muwe na mwongozaji. Kiingilio kinalipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Mtu akiwakuta njiani na kudai fedha mkononi, mwombeni risiti. Msipande Bondwa wakati wa masika: udongo wa Uluguru ukilowa unateleza kama sabuni, na ukungu unafunga njia mchana kweupe. Pasaka mara nyingi huangukia masika, kwa hiyo wa Pasaka waishie Morningside.

Hesabu ya kundi la watu wanne, Ijumaa hadi Jumapili, naiweka hivi. Treni kwenda na kurudi ni 26,000 kwa kila mmoja. Gesti safi ya kawaida ya watu wawili tuiweke 25,000 kwa usiku. Mkilala wawiliwawili kwa siku mbili, kila mtu anatoa 25,000. Mwongozaji na kiingilio mkichangishana, tengeni 10,000 kila mmoja. Mwendokasi na daladala za pande zote mbili, 4,000. Jumla ni 65,000. Chakula sikukiweka kwa makusudi, kwa sababu hata hosteli mngekula, na wali maharage wa mama ntilie wa Morogoro hauzidi wa Dar.

Mwenye rafiki SUA anayeweza kumpa pa kulala anabaki na 40,000. Lakini mwenye rafiki Mzumbe asijidanganye. Kampasi kuu ya Mzumbe iko mbali na mji, kwenye barabara ya Iringa, na kila ukitaka kwenda mlimani utalipa nauli ya kuja mjini na kurudi. Siku mbili za hivyo zinakula robo ya ulichookoa kwenye gesti, na usiku unarudi palepale kwa bodaboda.

Angalizo la mwisho la Morogoro: Nanenane. Maonyesho ya kanda ya mashariki yanafanyika huko, gesti zinajaa na bei zinapanda. Wiki hiyo nenda kwingine.

Ya pili: Bagamoyo

Bagamoyo naiweka ya pili kwa sababu inakusamehe gesti kabisa. Ni kama kilomita 70, unaondoka asubuhi na kurudi jioni. Stendi iko karibu na mji wenyewe, kwa hiyo Mji Mkongwe, Ngome Kongwe na ufukwe wa wavuvi unavizungukia kwa miguu. Makumbusho ya misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa 1868, nayo inafikika kwa kutembea.

Mtego ni Kaole. Magofu yale, misikiti na makaburi yaliyoanzia karne ya 13, yako kilomita tano hivi kusini mwa mji, na bodaboda wanajua kila mgeni anaenda huko. Kosa ni kulipia kwenda tu. Ukimaliza kutazama, uko peke yako kwenye magofu, na atakayekuja kukuchukua anataja bei mara mbili. Kubalianeni safari nzima, kwenda, kusubiri na kurudi, na ulipe mwishoni mkishafika mjini. Au nendeni mapema kwa miguu kabla jua halijawa kali. Ni saa moja na kidogo, njia ni tambarare.

Ya tatu: Unguja, kwa sharti

Boti ina bei ya Mtanzania, beba kitambulisho. Tatizo linaanza ukishuka bandarini na picha ya Nungwi kwenye simu. Nungwi iko ncha ya kaskazini kabisa, na teksi ya huko inaweza kukutoa zaidi ya nauli ya boti. Daladala namba 116 inakwenda hukohuko kwa bei ndogo sana, ila si ya usiku. Ukipanda boti ya alasiri umeshajihukumu kwa teksi. Sharti langu ni hili: panda boti ya asubuhi, lala mjini, tembea Mji Mkongwe kwa miguu, kula Darajani badala ya Forodhani, na pwani nenda siku moja kwa daladala ukirudi mapema. Ukiona huwezi kuvumilia hivyo, subiri upate kazi kwanza.

Ya nne: Lushoto

Napapenda sana, lakini si kwa siku tatu. Siku nzima inaishia kwenye basi kwenda, nyingine kurudi, na bado kutoka Mombo kuna zaidi ya kilomita 30 za kona za kupanda. Ukiwa na siku nne, kata tiketi ya basi linalofika Lushoto kwenyewe badala ya kushukia Mombo, tafuta gesti karibu na stendi, na Irente nenda kwa miguu. Ni kilomita sita hivi, unapita katikati ya mashamba. Binti wa mchanganuo angefanya mambo hayo matatu, angerudi na akiba.

Misitu ya Pugu na kisiwa cha Mbudya ni za siku moja, nafuu kuliko zote. Nendeni mkiwa na siku moja.

Sasa kuhusu hawa waandaaji wa safari za makundi wanaosambaza mabango wasapu. "Elfu themanini na tano, kila kitu ndani." Waliomwamini mmoja wao Pasaka hii waliambiwa wakiwa wameshafika kwamba usafiri wa kuwafikisha kwenye maporomoko, kiingilio na mwongozaji haviko ndani. Wangefanyaje, warudi? Hii inaniudhi kwa sababu ni fedha za chakula za watoto wa watu. Kabla hujatuma hata shilingi, muulize kwa maandishi: gari linatushusha wapi hasa, na kutoka hapo hadi tunapokwenda analipa nani? Akijibu "tutaelekezana hukohuko", ameshakujibu.

Na mabasi nayo. Kila sikukuu, pale stendi ya Mbezi, abiria wanaambiwa nauli imepanda, wakati viwango vinapangwa na LATRA. Wengine wanaandika nauli halali kwenye tiketi na kuchukua zaidi mkononi. Kataa tiketi isiyoonyesha kiasi ulichotoa, na lipia kwa simu ili ubaki na kumbukumbu. Ukiwa na tiketi yenye kiasi cha kweli, malalamiko yako LATRA yana pa kushika.

Kwa treni, tiketi inakatwa mtandaoni kwa jina na kitambulisho chako, na geti likifungwa limefungwa, kwa hiyo fika mapema. Wikiendi ya sikukuu anza kukata ya kurudi, ya Jumapili au Jumatatu jioni, kisha ndiyo ukate ya kwenda. Za kurudi ndizo zinazoisha kwanza, na aliyezikosa atajikuta stendi ya mabasi ya Msamvu, Morogoro, usiku akigombania basi.