Nimejaribu ile aplikesheni ya kupiga picha bahasha ya dawa ikupangie ratiba, uzoefu wangu huu hapa

Nianze kwa kusema inafaa, ila siyo kama wanavyoitangaza kwamba unapiga picha halafu unakaa. Mimi nimeitumia kwa mama mdogo aliyeshuka na meli ya Nansio akiwa na homa, zahanati huku Igoma wakampima wakamkuta na malaria, akapewa dawa mseto pamoja na panadoli, na kwenye pochi alikuwa na strip yake ya amlodipine ya presha ambayo anameza kila siku. Dawa tatu tu, lakini kila moja ina masharti yake, na hapo ndo aplikesheni inapopimwa.

Bahasha zetu mnazijua. Ile ndogo, dada wa dirishani anaandika kwa peni haraka haraka. Ya mseto ilikuwa imeandikwa "ALu 4x2 x 3/7" na chini yake "dozi ya 2 saa 5 usiku, na chakula". Ya panadoli imeandikwa "PCM 2x3 x 3/7 kama kuna homa". Mtu wa duka la dawa akiona hivyo anaelewa bila kufikiri, vidonge vinne mara mbili kwa siku kwa siku tatu, maana ile saba ya chini ni siku za wiki. Simu haijui mambo hayo. Ilisoma 4x2 vizuri kabisa, nikafurahi, halafu 3/7 ikaiweka kama tarehe 3 mwezi wa saba ndo mwisho wa dozi! Siku hiyo ilikuwa tarehe 19 Juni. Kwa hiyo mama mdogo angemeza mseto wiki mbili na siku juu.

Nilijuaje? Pale chini ya ratiba kuna sehemu inaandika jumla ya vidonge, ikasema 120, na mkononi nimeshika pakiti ya 24. Hii ndo kitu naomba kila anayeitumia afanye kabla ya kubonyeza kukubali: zidisha mwenyewe, nne mara mbili mara tatu ni 24, linganisha na pakiti na linganisha na ilichoandika. Zikikataana, kuna mahali imesoma vibaya. Ni hesabu ya darasa la tatu lakini inakamata makosa mengi ya kusoma mwandiko, hata ile ya 1x3 kugeuka 1x8 kwa sababu ya peni iliyokwaruza.

Nikasahihisha siku zikawa tatu. Sasa ndo likaja lile kubwa zaidi, na hili siyo la mwandiko.

Mseto kwa mtu mzima wa kilo 35 na kuendelea ni dozi sita, vidonge vinne vinne. Dozi ya kwanza unameza pale pale ulipopewa, ya pili baada ya masaa manane, halafu siku ya pili na ya tatu asubuhi na jioni. Yaani siku ya kwanza haifanani na zingine. Aplikesheni yenyewe ikiona "x2" inagawa siku mara mbili, 08:00 na 20:00, basi, haiulizi umeanza saa ngapi. Mama mdogo alimeza vinne vya kwanza pale zahanati saa tisa alasiri siku ya Alhamisi. Kwa ratiba ya simu, alamu iliyofuata ilikuwa saa mbili usiku, ambayo ni masaa matano tu baadae, na isitoshe vile vya saa tisa haikuvihesabu kwa hiyo dozi ya mwisho ikasogea mpaka Jumapili asubuhi wakati pakiti ingekuwa imeisha Jumamosi.

Na dada alikuwa ameshaandika saa 5 usiku! Ilisoma hayo maneno ikayaweka kwenye sehemu ya maelezo tu, nilipobonyeza "fanya alamu" ikaniletea 05:00. Alfajiri. Saa zetu na saa za simu ndo hivyo, nikabadilisha kwa mkono ikawa 23:00.

Ratiba iliyotoka mwisho baada ya kuipanga upya: Alhamisi saa 9 alasiri vinne (nikaweka tiki kwamba vimeshamezwa), Alhamisi saa 5 usiku vinne, Ijumaa saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, Jumamosi saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Jumla 24. Ikakaa.

Neno "na chakula" ilinakili vizuri na alamu inaliandika pale kwenye skrini, hapo nawapa hongera, kwa sababu mseto unahitaji kitu chenye mafuta ndo dawa iingie vizuri mwilini, uji mweupe hautoshi. Mchana alikula sato wa kuunga, ile ya saa tano usiku mama hakuwa na hamu ya ugali kabisa, akanywa kikombe cha maziwa ya moto na karanga kidogo akarudi kulala.

Panadoli sasa. 2x3 imepangwa 08:00, 14:00, 20:00, nafasi iko sawa, lakini "kama kuna homa" haikuelewa. Kwake yeye kila dawa ni lazima ilie. Jumamosi homa imeshuka kabisa na simu inapiga kelele saa nane mchana, mama mdogo ananiambia "mwanangu mbona naumwa kwenye simu tu, mwilini sijambo." Nikazima hiyo alamu. Dawa ya "ikihitajika" isiwe na alamu jamani, iwe na sehemu ya kuandika umemeza saa ngapi ili usirudie mapema, inatosha.

Kilichonikera kuliko vyote ni amlodipine. Nilipiga picha strip, na strip ina jina, miligramu 5 na tarehe ya kuisha tu, haina maelekezo ya kumeza. Yenyewe ikajaza "kidonge 1 mara 1 kwa siku" kama vile imesoma mahali. Imebahatisha ikapata, mama kweli anameza kimoja usiku, ila kuna wanaoandikiwa viwili vya 5. Ningependa iache wazi iniulize, kama ilivyouliza kwenye PCM ilipokuwa haina uhakika wa jina.

Mengine madogo: picha lazima iende mtandaoni, kwa hiyo bando liwepo, alamu zenyewe zinalia hata bila data. Simu zetu hizi zinazobana chaji zinaua alamu usiku, ingia kwenye seting za betri uiruhusu, fanya jaribio kwa alamu ya dakika mbili mbele. Na mgonjwa akitapika muda mfupi baada ya kumeza, aplikesheni haina pa kusema hilo, ikishawekwa tiki imewekwa. Hapo rudi kwa aliyekupa dawa, dozi ikirudiwa vidonge 24 havitafika mwisho.

Kwa dawa za kila siku za presha na sukari ambazo saa hazibadiliki naiona nzuri, naendelea nayo. Kwa mseto nawapa nyota tatu. Wakiweka swali moja tu, "dozi ya kwanza umemeza saa ngapi?", naongeza ya nne.