Meseji ya karibu ya mama mwenye nyumba: uzoefu wangu baada ya miezi saba Tabata

Nimepanga nyumba nne tangu nije Dar, na makaribisho niliyozoea ni dalali kukukabidhi funguo huku akikukumbusha hela yake ya mwezi mmoja. Kanuni za nyumba unazijua siku ukizivunja. Hapa Tabata mambo yalikuwa tofauti. Jioni ya siku niliyohamia, godoro bado limeegemea ukutani, mama mwenye nyumba alinitumia meseji ndefu wasap. Ilianza hivi: "Mwanangu karibu. Soma yote kabla hujalala, halafu niandikie 'nimesoma'." Naipa nyota nne kati ya tano.

Kanuni zenyewe nitazipita haraka kwa sababu ni zile zile. Geti linafungwa saa tano usiku, ukichelewa piga simu mapema. Choo na uwanja vinasafishwa kwa zamu. Mgeni akizidi siku tatu mama ajulishwe. Jiko la mkaa lisiingie chumbani. Ndani ya wiki ya kwanza nikajitambulishe kwa mjumbe, na alinielekeza kabisa: nyumba ya tatu kutoka dukani, geti la bluu. Alichonikera ni kukataza pasi ya umeme kuanzia saa moja hadi saa nne usiku. Mimi natoka kazini saa moja. Ninyooshe saa ngapi? Nimezoea kuamka alfajiri, basi.

Sehemu ya malipo ndiyo iliyonifanya niandike hapa. Kodi ni laki na nusu kwa mwezi, unalipa ya miezi sita kwa pamoja, yaani laki tisa. Aliandika namba moja tu ya kutumia, akaweka na jina litakalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri. Jina ni la kiume, la mwanawe, maana laini imesajiliwa kwake, na hilo alilieleza. Akasema ya kutolea ni juu yake, sentensi ambayo sikuwahi kuisikia kwa mwenye nyumba yeyote. Kisha akamalizia: "Namba hii haibadiliki kwa meseji. Ikibadilika nitakuja mwenyewe mlangoni, tutaandika kwenye mkataba wote wawili."

Siku ile niliona ni maneno ya mtu mzima mwenye wasiwasi. Mwezi wa sita, kodi ikiwa karibu kuisha, ikaingia meseji ya kawaida kutoka namba ngeni: mimi mwenye nyumba wako, simu yangu ina shida, ile kodi itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani. Utapeli wa aina hii kila mwenye simu Tanzania anaujua, na bado unawapata watu. Sababu yake ni rahisi. Anayetuma hakujui wala hajui unakaa wapi, anarusha kwa mamia ya watu, na kati yao hawakosekani wanaodaiwa kodi wiki hiyo. Wiki hiyo alinikuta mimi. Tena lile la "jina litakuja fulani" lilifanana kabisa na maelezo ya mama, hivyo jina peke yake lisingenisaidia chochote.

Kilichonisaidia ni kwamba nilikuwa na kitu cha kulinganisha. Nilifungua meseji ya mama, nikasoma namba tarakimu kwa tarakimu, haikuwa ile. Dada wa chumba cha mbele naye alikuwa amepata meseji kama hiyo hiyo asubuhi. Yeye alihamia kabla mama hajaanza utaratibu huu wa kuandika, kwa hiyo hakuwa na pa kuangalia. Nilimkuta koridoni ameshaandika 900,000, jina limetokea, bado namba ya siri. Nikamwambia, "Dada, subiri, mpigie mama kwanza." Mama alipokea kwenye laini yake ile ile ya siku zote, anakaanga samaki, hana shida yoyote ya simu. Meseji tuliipeleka 15040, namba ya bure ya kuripoti matapeli. Wanakujibu wakitaka namba iliyokutumia, unaiandika, basi.

Sasa nyota niliyoikata. Kuhusu umeme meseji ilisema tu: "LUKU ni moja kwa vyumba vitatu, mnanunua kwa zamu elfu kumi kumi." Inasomeka haki kabisa. Zamu yangu ilidondokea tarehe moja. Nikaweka 10,000, nikapata uniti zisizofika 24. Wiki iliyofuata dada akaweka 10,000 yake akapata 28. Akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau, maana nilikuwa nimeshawatangazia kuwa nimenunua wa elfu kumi. Kwa hesabu yake nilikuwa nimekula hela.

Ilibidi nimwonyeshe meseji ya tokeni. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida kama hii ni 1,500 kwa mwezi, kwa kila mita. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo umeme halisi niliopata ni wa 8,500. Mita isiponunuliwa umeme miezi miwili, deni linakungoja, siku ukinunua linakatwa lote. Kodi yenyewe ni ya mwenye jengo, ila mita haijui nani mpangaji, inamkata aliyeshika simu.

Nilimpelekea mama suala hili nikitegemea ubishi. Akasema, "Kumbe ndiyo maana wale wa zamani walikuwa wanagombana kila mwanzo wa mwezi!" Siku hiyo hiyo akaongeza mstari: atakayenunua umeme wa kwanza wa mwezi ampigie picha meseji ya tokeni, atamrudishia 1,500. Hadi leo anarudisha. Mara moja alichelewa siku nne, nimemsamehe.

Namba za dharura zipo mwishoni: 112 polisi, 114 zimamoto, kisha mjumbe, fundi umeme, fundi bomba, na jirani mwenye bajaji anayekubali kuamshwa usiku kupeleka mgonjwa. Huyu wa bajaji ni wazo zuri kuliko yote. Ila chini yake kulikuwa na mistari miwili niliyoidharau: swichi kuu ipo nyuma ya mlango wa stoo, na koki kuu ya maji ipo chini ya mfuniko mweusi pembeni ya mwarobaini, funga kwa kuzungusha kulia.

Mwezi uliopita, saa nane usiku, bomba la bafuni likapasuka kwenye kiungo. Maji yalikuwa yanaruka hadi dari. Fundi hakupokea, na hata angepokea anatokea Buguruni. Nikawasha tochi ya simu, nikakimbilia mwarobaini, nikafunua mfuniko. Koki ipo, lakini mkono wake umeliwa na kutu, umebaki msumari wa katikati tu. Vidole vinateleza. Dada akaniletea mkasi, ukapinda. Tuliokolewa na mwenye bajaji, aliyekuja na spana yake akiwa kifua wazi, akazungusha mara mbili, kimya.

Asubuhi mama alituma meseji upya kwa wote watatu, mstari wa koki umerefushwa: "Spana ipo juu ya dirisha la stoo. Atakayeitumia kufungulia mtungi wa gesi airudishe."